Usidai Ujuzi Usio Nao: Maelekezo kwa Waombaji wa Uanagenzi wa Ufundi wa Magari

Kijitabu hiki kimetolewa kutokana na malalamiko ya vijana wanaoamini kwamba nafasi za uanagenzi hupewa wenye jamaa ndani. Ofisi imeyasikia. Lakini wapo wanaojiangusha wenyewe, na hao ndio tunaowaonya hapa.

Masharti ya umri, vyeti na kitambulisho yamo kwenye tangazo. Yasome, yatimize, tuendelee.

KOSA LENYEWE
Mhitimu wa Kidato cha Nne asiye na cha kuonyesha husema, "Injini naijua yote." Msaili habishani naye. Humwekea nati na spana kadhaa mezani, amwambie aifungue. Namba iliyochongwa kwenye spana ni upana wa mdomo wake kwa milimita, na spana ya 13 haikamati vizuri nati ya 12. Aliyeshika kazi hujaribisha mpaka ipatikane inayobana bila kucheza. Aliyedanganya huchukua plaisi, ambayo hula kona za nati. Kuanzia hapo hata alilosema kweli haliaminiki.

Tunarudia: usidai ujuzi usio nao.

SEMA NINI BASI?
Eleza kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako, hata kama ni ndogo. Chukua kijana aliyekuwa akimsaidia fundi baiskeli mtaani. Akiulizwa uzoefu wake, aseme hivi:

"Gari sijawahi kutengeneza. Nimeziba pancha za baiskeli. Natoa tyubu, naijaza upepo, naizamisha kwenye beseni la maji. Panapotoa mapovu natia alama. Nakausha, nasugua kwa msasa, napaka gundi, naiacha ishike kidogo ndipo nabandika kiraka na kukikandamiza. Kabla ya kurudisha tyubu napapasa ndani ya tairi taratibu, maana msumari ukibaki, pancha inarudi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Inaonyesha kwamba kijana hutafuta chanzo cha tatizo na hukagua kazi kabla ya kuikabidhi. Msaili wa gereji anamtafuta mtu wa namna hiyo, spana atafundishwa.

UKIULIZWA USICHOKIJUA
Jibu: "Hilo sijalifanya, mwalimu. Ninalolijua la karibu na hilo ni hili." Kisha eleza, unyamaze. Usibahatishe majina ya vifaa.

Ukimtaja fundi wako kuwa mdhamini, mwombe ruhusa kwanza, na mkumbushe kazi ulizomfanyia. Atapigiwa simu. Akisema ulikuwa ukifagia tu, na wewe ulisema ulifungua gia, umekwisha.

Ofisi imetimiza wajibu wake kwa kukueleza haya mapema na bila malipo. Atakayedai ujuzi asio nao baada ya kusoma hapa asije kulalamika kwamba hakuwa na mtu wa kumsemea.