SOMO LA NDOA: KUMJIBU MWENZI ANAYEKUSHUKU NA MWENZAKO WA KAZINI



Somo la leo linawahusu waliooa na walioolewa. Hatutasema juu ya uzinzi wenyewe, maana mafundisho yake yamekwisha kutolewa mara nyingi. Tutasema juu ya saa ile ambapo mwenzi wako anakuuliza: "Wewe na yule wa kazini kwenu, kuna nini?" Wewe unajua hakuna neno, lakini moyo wake unaungua. Utajibu namna gani?

1. SWALI LINA MAMBO MAWILI NDANI YAKE

Tuchukue mfano. Bwana mmoja ni muuguzi katika kituo cha afya. Anafanya zamu ya usiku pamoja na mkunga. Siku ya soko watu wamemwona amempakia mkunga kwenye pikipiki. Mara tatu katika juma moja telefone yake imelia saa tatu ya usiku, naye ametoka nje ili aongee. Jioni mke wake anamwambia: "Baba watoto, yule mama ni nani kwako? Watu wanasema. Na mbona unaongea naye inje, mimi nikiwa humu?"

Katika maneno hayo kuna jambo la habari na jambo la hofu. Habari ni hii: ilikuwa siku gani, mlitoka wapi, mliongea nini. Hofu ni hii: je, mimi bado ni mke wako, au nimechekwa na watu wote bila kujua? Wanaume wengi, na wanawake pia, wanajibu habari peke yake. Wanatoa hesabu ya saa na ya barabara kama mtu aliye mbele ya hakimu. Mke anasikia hesabu yote, na hofu yake inabaki pale pale. Kesho anauliza tena, naye mume anakasirika na kusema: "Si nilikwisha kukujibu?" Alijibu kweli, lakini alijibu nusu.

2. MAJIBU YANAYOWASHA MOTO

Yako majibu manne ambayo mtu asiye na kosa anayatoa, na yanamfanya aonekane mwenye kosa.

La kwanza ni kurudisha mashitaka: "Na wewe mbona unacheka na yule muuza sabuni?" Sasa mna kesi mbili, na ile ya kwanza haijaguswa.

La pili ni kumfanya mwenzako mgonjwa wa wivu: "Una roho mbaya, hauniamini." Yeye alileta uchungu, nawe umempa jina baya.

La tatu ni kuita mashahidi usiku ule ule: "Twende tumwulize mwenyewe! Muulize daktari!" Mashahidi wengi kwa jambo dogo wanazidisha shaka. Tena mama yule wa kazini anavutwa katika nyumba yako bila sababu, naye pengine ana mume wake.

La nne ni kucheka au kunyamaza. Wewe unafikiri kicheko kinaonyesha kwamba neno ni la upuuzi. Yeye anaona unamdharau.

Mchunguzi mmoja wa ndoa, John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington huko Amerika, aliwaketisha wanandoa waongee juu ya jambo wanalogombania, naye akawatazama kwa uangalifu. Alihesabu kujitetea kuwa moja ya tabia nne zinazobomoa ndoa, pamoja na kulaumu utu wa mwenzako, kumdharau na kumfungia mlango kwa kunyamaza. Katika mwaka 1999 yeye na Sybil Carrère walitoa uchunguzi wa wanandoa wapya 124. Walionyesha kwamba dakika 3 za kwanza za mabishano zinatoa alama za kutambua ni nani ambao baadaye wataachana. Kwa hiyo chunga sana sentensi zako za kwanza. Dawa ya kujitetea, kwa mafundisho ya huyo Gottman, ni kukubali sehemu yako ya jambo, hata kama ni ndogo.

3. JIBU KWA HATUA

Hatua ya kwanza: tengeneza mahali. Wengi wetu tumepitia maisha ya kambi, na tunajua ukuta wa bashi hauzuii neno. Ukijibu kwa sauti kubwa, jirani analala na habari zako, na kesho ziko sokoni. Aibu hiyo inaongeza hasira ya mwenzako. Weka telefone chini, kaa, sema polepole. Kama watoto hawajalala, sema: "Neno lako nimelisikia, ni zito. Watoto wakilala tunaliongea leo leo." Usiseme "tutaona kesho", maana usiku wa mwenye shaka ni mrefu. Na kama moyo wako unapiga mbio kwa hasira, omba kupumzika kidogo. Gottman anashauri angalau dakika 20. Lakini taja saa ya kurudi, nawe urudi kweli. Anayetoka bila kutaja saa anahesabiwa kuwa amekimbia.

Hatua ya pili: jibu hofu kwanza. Bwana wa mfano wetu aseme: "Mama watoto, naona neno hili limekuumiza. Kusikia jina la mume wako katika kinywa cha watu ni uchungu. Wewe ndiwe mke wangu, na hakuna mwingine." Haya ni maneno machache. Asiongeze kiapo cha kufa wala cha watoto. Kiapo kikubwa kwa jambo dogo kinamfanya msikiaji aulize: mbona anaapa hivyo?

Hatua ya tatu: toa habari fupi na kamili, pamoja na ile inayokufanya uone haya. Aseme: "Siku ya soko nilimpakia kutoka kituoni mpaka njia panda, mara moja. Alikuwa na mzigo wa dawa. Telefone za usiku ni tatu. Mbili zilikuwa za mama aliyekuwa anatoka damu baada ya kuzaa. Ya tatu ilikuwa ya kubadilisha zamu, na mwishoni tulifanya mzaha kidogo. Nilitoka inje kwa sababu mtoto alikuwa amelala, lakini naona jinsi wewe uliviona."

Angalia neno la mzaha. Mtu anayejitetea angelificha. Lakini likijulikana baadaye kwa njia nyingine, maneno yote mengine, hata yale ya kweli, yatahesabiwa kuwa uongo. Jambo dogo linaloungamwa mapema ni dogo. Likifichwa linakomaa.

Hatua ya nne: badilisha jambo moja linaloonekana. Aseme: "Telefone ya kazi ikilia usiku, nitaongea hapa hapa ndani, kwa sauti ya chini. Na mzaha na yule mwenzangu unaisha. Kama kuna mzigo wa kituo, tutatafuta mwenye pikipiki wa kulipwa." Ahadi iwe ile anayoweza kuishika. Asiseme "sitaongea naye tena", maana wanafanya zamu moja na wagonjwa wanawategemea wote wawili. Siku atakapoonekana anaongea naye, hata juu ya dawa, ahadi itakuwa imevunjika.

Hatua ya tano: uliza, kisha nyamaza. "Je, kuna kitu kingine kilichokuumiza?" Mara nyingi hapo ndipo neno lenyewe linatoka: "Tangu uanze zamu ya usiku, hauongei nami tena. Ukirudi unalala tu." Basi, shaka ya mkunga ilikuwa mlango, na ndani ya nyumba kulikuwa na upweke. Ungebaki kubishana juu ya pikipiki, usingelisikia hili kamwe.

4. MKE ANAPOSHUKIWA

Hatua ni zile zile, lakini mzigo wa mama ni mzito zaidi. Mke anayefanya kazi ya mashirika au ya ualimu, akiulizwa na mume, anajua kwamba jibu baya linaweza kumletea kipigo au kumnyima kazi. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 katika nchi yetu ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Kwa hiyo mke ajibu hofu, atoe habari, aonyeshe badiliko moja, lakini hapaswi kutoa kazi yake kama dhabihu ya kuonyesha kwamba ni mwaminifu. Nawe mume, ukiona mkono wako unataka kuinuka, toka uende kwa mzee wa kanisa. Na mke anayepigwa asihesabu kwamba jibu zuri zaidi lingezuia fimbo. Huyo anahitaji msaada wa watu, na somo hili halimtoshi.

5. MANENO MAWILI YA KUJIHADHARI

Neno la kwanza linatuhusu sisi kanisa la unabii. Usimwambie mwenzi wako: "Twende kwa nabii, maono yataonyesha kama nasema uongo." Hapo unatumia maono kama ngao ili usijibu wewe mwenyewe. Na ikiwa mwonaji atakosea, mmebomoa nyumba na mmelitia kanisa aibu. Mathayo sura ya 1 inatueleza kwamba Yosefu, kabla hajaelezwa habari ya Maria, alikuwa na shaka nzito, lakini hakutaka kumwaibisha mbele ya watu. Swali la nyumba lijibiwe kwanza nyumbani.

Neno la pili: hatua hizi ni za mtu asiye na kosa, au mwenye kosa dogo la mzaha. Kama kweli kuna mapenzi na mtu wa kazini, usizitumie ili kumtuliza mwenzako apate kulala. Huko ni kumdanganya kwa sauti ya upole. Jipime hivi: yale unayoandikiana na yule mwenzako wa kazi, ungeweza kuyasoma kwa sauti mbele ya mke wako au mume wako? Kama ungeruka mstari mmoja, mstari huo ndio wa kuushughulikia.

Na utajuaje kama jibu limefanya kazi? Usitazame usiku ule. Mwenzako anaweza kunyamaza kwa kuchoka. Tazama majuma mawili au matatu. Akianza kukuuliza habari za kazi bila kukuchunguza, na kumtaja yule mama kwa sauti ya kawaida, moyo umetulia. Swali likirudi mara moja au mbili, jibu tena bila kuchoka, kwa ufupi. Likirudi kila siku hata baada ya badiliko kuonekana, na telefone inapekuliwa wakati umelala, basi kuna kidonda cha zamani. Hapo tafuteni ndugu wawili waaminifu, mume na mke, waketi pamoja nanyi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika yale majibu manne yanayowasha moto, lipi linasikika zaidi katika nyumba za hapa kwetu?
2. Kwa nini bwana wa mfano alitaja ule mzaha, ingawa mke wake hakuuliza juu yake?
3. Taja ahadi moja ambayo mtu anaweza kuishika katika kazi yake, na moja ambayo hataiweza.

Shemasi, Bule