Ujumbe wa mteja aliyeridhika: jinsi ya kuuandikia maelezo yasiyotia chumvi

Wafanyabiashara wengi wadogo katika kaunti yetu sasa huuza kupitia WhatsApp na Facebook. Mteja akituma ujumbe wa shukrani, muuzaji huupiga picha ya skrini, akaiweka kwenye ukurasa wake na kuongeza maneno mawili matatu chini yake. Mara nyingi ujumbe wenyewe huwa wa kweli. Chumvi huingia kwenye maneno yale ya chini. Somo letu la toleo hili linahusu maneno hayo, na tutatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue mama anayeuza majiko ya makaa, yale ya bati yenye kikombe cha udongo ndani. Mteja wake amemwandikia hivi: "Mama, jiko lako liko sawa. Debe la makaa lilikuwa likiisha siku nne, sasa linafika siku sita. Ila asubuhi linachelewa kushika moto. Mungu akubariki." Muuzaji amefurahi, na maelezo yaliyomjia kwanza ni haya: "PUNGUZA MAKAA KWA NUSU! Wateja wetu wote ni mashahidi!"

Hebu tuyapime maelezo hayo kabla hajayaweka.

Hesabu kwanza

Kutoka siku nne hadi siku sita, siku zimeongezeka kwa nusu. Lakini makaa hayajapungua kwa nusu. Katika siku 12, mteja huyu alikuwa akitumia debe tatu, na sasa anatumia debe mbili. Amepunguza debe moja kati ya tatu, yaani thuluthi. Hili ni kosa linalofanyika bila nia mbaya, na dawa yake ni rahisi: usigeuze maneno ya mteja kuwa "nusu" au asilimia. Mteja akisema siku, andika siku. Msomaji anajua mwenyewe debe lake huisha baada ya siku ngapi.

Neno "wote" nalo halina msingi. Aliyeandika ni mtu mmoja, kwa hivyo maelezo yaseme "mteja wetu mmoja".

Muulize mteja

Hata ile thuluthi haijathibitika bado. Makaa huisha haraka au polepole kwa sababu nyingi: idadi ya watu nyumbani, chakula kinachopikwa, na kama makaa ni makavu au yamenyeshewa. Kwa hivyo muuzaji amrudie mteja na kumuuliza mambo mawili: "Mko wangapi nyumbani? Kuna kitu kingine kilichobadilika tangu uchukue jiko?"

Tuseme jibu ni hili: "Tuko watano, ila wawili walirudi shule ya bweni wiki hiyohiyo." Basi sehemu ya zile siku mbili zilizoongezeka haikutokana na jiko. Imetokana na sufuria ndogo. Muuzaji anaweza kuuacha ujumbe huo, au kusubiri watoto wafunge shule na kumwomba mteja ahesabu tena debe mbili zikiisha, wakiwa watu watano kama zamani.

Tuseme amesubiri, na mteja ameandika ujumbe wa pili: "Watoto wako hapa sasa. Debe linafika siku tano. Bado ni afadhali kuliko lile jiko la zamani, hata kama asubuhi linachelewa kushika." Katika siku 20, nyumba hii ilitumia debe tano, na sasa inatumia nne. Ikiwa debe ni shilingi 100, matumizi yameshuka kutoka shilingi 500 hadi 400. Mnunuzi aliyeambiwa "nusu" angepanga kutumia shilingi 250. Baada ya siku 20 angekuwa amepungukiwa na shilingi 150, na jiko zuri angeliita la uongo mbele ya majirani wote.

Sasa ni ujumbe huu wa pili unaofaa kupigwa picha. Ukiweka picha ya ujumbe wa kwanza na kuandika maelezo ya ujumbe wa pili, msomaji ataona siku sita juu na siku tano chini, na hatajua aamini lipi.

Usikate "ila" na "hata kama"

Wengi hukata picha ili lawama ya mteja isionekane. Katika mfano wetu, iacheni. Anayenunua jiko atagundua asubuhi ya kwanza kwamba linachelewa kushika moto. Akiwa aliambiwa mapema, ataliwasha mapema. Asipoambiwa, atashuku hata zile siku tano. Vilevile usirekebishe tahajia ya mteja wala usiunganishe jumbe mbili zionekane kama moja.

Vya kukata ni vile vinavyomtambulisha mtu: jina, namba ya simu, picha yake, na mazungumzo mengine, hasa ujumbe wa malipo ya M-Pesa. Kata kabisa sehemu hiyo ya picha. Kuipaka rangi kwa kalamu ya simu hakutoshi, kwa sababu rangi nyepesi huweza kuangazwa na namba ikasomeka chini yake.

Idhini na sheria

Hata bila jina, ujumbe ni wa mteja. Mwombe ruhusa kwa maandishi: "Naomba kuweka ujumbe wako kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Jina na namba havitaonekana. Ukibadilisha nia, niambie nitauondoa." Hifadhi jibu lake. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, anayetumia taarifa za mtu ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alipewa idhini, na mwenye taarifa anaweza kuiondoa idhini hiyo wakati wowote. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliipiga klabu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kudai kwamba bidhaa ina manufaa au ubora ambao haina. Kusema "ni mteja aliyesema, si mimi" si kinga, kwa kuwa wewe ndiye uliyechagua maneno hayo na kuyatumia kuuza.

Maelezo kamili

Baada ya hatua hizo, muuzaji wetu anaweza kuandika hivi chini ya picha:

"Mteja wetu mmoja hupikia watu watano kwa makaa. Anasema debe lililokuwa likiisha siku nne sasa linafika siku tano. Anasema pia asubuhi jiko huchelewa kushika moto, kwa hivyo liwashe mapema kidogo. Kwako siku zinaweza kuzidi au kupungua, kulingana na makaa na unachopika. Ujumbe umewekwa kwa ruhusa yake."

Kama mteja alipewa jiko bure au kwa bei ya chini ili aseme neno, ongeza sentensi moja inayosema hivyo.

Nawe mnunuzi, ukiona picha ya aina hii, linganisha maneno ya mteja na yale ya muuzaji. Ikiwa ya chini yanaahidi zaidi ya ya juu, muulize muuzaji kabla ya kutuma pesa: mteja huyo ana watu wangapi nyumbani, na alipima kwa siku ngapi? Muuzaji aliyefanya kazi yake atakuwa na jibu.