Kiima Kisichotajwa: Umbo la Hu- na Vitenzi vya Kutoa vya Kijapani

Makala haya yanachunguza hali ambayo maelezo yaliyozoeleka ya udondoshaji wa kiima hayaifikii. Katika sentensi "Nilimpa kitabu" hakuna kiwakilishi huru, lakini mtendaji hakufichika: kiambishi ni- kinamtaja. Kwa kuziangalia lugha za namna hii, Kiitaliano kikiwa mfano unaotajwa mno, wanaisimu walidai kwamba kiima hudondoshwa pale ambapo umbo la kitenzi linakifichua.

Kijapani kinalipinga dai hilo. Kitenzi chake hakina kiambishi cha nafsi. "Tabeta" laweza kuwa nimekula, umekula au wamekula. Hata hivyo kiima hudondoshwa humo kila siku.

Kiswahili chenyewe kina kona ya namna hiyo. Umbo la mazoea hu- halichukui kiambishi cha nafsi. Mtu akiulizwa "Mbona mzee haonekani jioni?" akajibu "Hulala mapema", anayelala ni mzee. Akiulizwa "Mbona huonekani jioni?" na jibu likawa lile lile, anayelala ni msemaji. Msikilizaji hukijaza kiima kutokana na mada iliyokwisha kuwekwa. Ni fikra inayokaribiana na ile aliyoitoa Huang mwaka 1984 kuhusu Kichina, kwamba nafasi tupu ya kiima yaweza kufungamana na mada ya mazungumzo.

Lakini Kijapani hakitegemei mada peke yake. Kina vitenzi viwili vya kutoa: "ageru", pale kitu kinapotoka upande wa msemaji, na "kureru", pale kinapomjia msemaji au watu wake. Kwa hiyo "Hon o ageta", pasipo muktadha mwingine, hueleweka kuwa "Nilimpa kitabu", na "Hon o kureta" kuwa "Alinipa kitabu". Kazi ambayo Kiswahili hukipa kiambishi, Kijapani hukipa uteuzi wa kitenzi. Tena vitenzi hivyo hufuata vingine: "oshieta" pekee haisemi nani alimfundisha nani, bali "oshiete kureta" ni "alinifundisha" na "oshiete ageta" ni "nilimfundisha".

Njia hii ina mpaka wake. "Kureta" yaweza pia kumaanisha "alimpa mdogo wangu", iwapo habari ni za mdogo huyo. Kitenzi huonyesha mwelekeo. Mtu mwenyewe hutambuliwa kwa mada. Wala Kiswahili hakijaepukana na utata huo: katika "Juma alimwambia Hasani kwamba amefaulu", kiambishi a- hakisemi nani amefaulu.

Ukosefu wa viambishi, hata hivyo, si sababu ya kutosha. Vitenzi vya Kiswidi navyo havina viambishi vya nafsi, na bado sarufi yake hudai kiima kitajwe hata pale mtendaji anapojulikana wazi. Umbo la hu- halina sharti hilo, ila watu wawili wanapogombea nafasi moja kiwakilishi hurudi: "Juma na mimi tunakaa pamoja, yeye hulala mapema, mimi hukesha."