Nauli ya kulipia mapema: kwa nini ni rahisi, na unaacha nini ukiilipa

Ukisimama stejini Kaplong, nauli ya matatu haijali kama uliamua safari mwezi jana au asubuhi hii. Ikifika Desemba na watu wakijaa, inapanda kwa wote. Treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa nayo ina bei moja kwa kila daraja, hata ukinunua tiketi mapema. Ndege hufanya tofauti. Watu wawili waliokaa viti vya jirani kutoka Kisumu kwenda Nairobi wanaweza kuwa wamelipa bei mbili zilizo mbali kabisa. Wateja wetu wengi hulipia tiketi hizo kwa simu, kwa hivyo hebu tuangalie hesabu yake.

Bei inapangwaje?

Ndege aina ya Dash 8-400 za Jambojet hubeba abiria 78. Shirika la ndege huvigawa viti vyake katika makundi ya bei. Kwa mfano tu, tuseme viti 15 ni shilingi 4,500, viti 30 ni 6,500, na 33 vilivyobaki ni 9,500. Vile 15 vikiisha, bei ya chini imeisha, hata kama safari bado iko wiki sita mbele. Kuna pia nauli ambazo hufungwa siku zikikaribia, viti viwe vimebaki au la.

Kwa nini shirika liuze kwa 4,500 kama liko mtu wa kulipa 9,500? Kwa sababu ndege ikishapaa, kiti kitupu hakiuziki tena. Shirika linataka kujaza viti kwa watu wanaopanga mapema, na bado libakishe vingine kwa mfanyabiashara aliyeitwa Nairobi kesho. Huyo atalipa bei ya juu kwa vile hana njia nyingine.

Masharti ndiyo ukuta

Shida ya shirika ni kwamba huyo mfanyabiashara naye angependa bei ya chini. Masharti yamewekwa kumzuia. Mwaka 1977 American Airlines ilipoanzisha nauli nafuu kati ya New York na California, abiria alitakiwa kununua siku 30 kabla na kukaa angalau siku 7. Mtu wa biashara hakuweza kutimiza hayo, lakini familia inayotembelea jamaa iliweza.

Siku hizi sharti la kawaida ni hili: tiketi ya bei ya chini hairudishiwi pesa, na kubadilisha tarehe kunalipiwa. Yaani umepunguziwa bei kwa sababu umeuacha uhuru wa kubadilisha nia.

Tupige hesabu

Tuseme umenunua ya 4,500 ukampeleke mtoto chuoni Nairobi. Siku tatu kabla, chuo kinasogeza tarehe mbele kwa siku mbili. Ada ya kubadilisha, tuseme, ni 2,000. Lakini haiishii hapo. Kwenye ndege mpya kimebaki kiti cha 9,500 tu, na ni lazima ulipe tofauti ya nauli, yaani 5,000. Unaongeza 7,000, na safari imekugharimu 11,500. Aliyengoja akanunua ya 9,500 amekushinda kwa 2,000.

Kwa hivyo jiulize kwanza: tarehe hii ni ya nani? Kama ni harusi iliyokwisha tangazwa, nunua mapema. Kama inategemea barua ya chuo, miadi ya hospitali au bonasi ya majani chai ambayo haijaingia, linganisha na nauli inayoruhusu mabadiliko. Hiyo huwa ghali kidogo, lakini ni nafuu kuliko 11,500.

Kabla hujaweka PIN

Soma masharti ya nauli yenyewe, hasa sehemu tatu: kurudishiwa pesa, kubadilisha tarehe, na kukosa ndege. Kutoka Kaplong unapita Litein, Kericho na Ahero kabla ya kufika Kisumu. Ukichelewa njiani, mara nyingi tiketi ya bei ya chini inapotea yote. Toka nyumbani mapema.

Hakikisha jina ni lile la kitambulisho. Kisha angalia saa ya mwisho ya kulipa. Kiti ulichoshikiwa bila kulipia huachiliwa saa hiyo ikipita, na ukirudi unaweza kukuta bei imepanda.

Mwisho, kumbuka kwamba kuomba muamala urudishwe ni kwa pesa iliyokwenda mahali pasipofaa. Tiketi uliyoilipa sawasawa, halafu safari ikakufa, inaamuliwa na masharti ya nauli uliyokubali. Hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na namba ya tiketi. Ndivyo vitu viwili vya kwanza utakavyoulizwa ukipiga simu.