Gauni la Harusi Lisigeuke Manjano

SWALI

Mama mmoja wa Kiuyu, kisiwani Pemba, ameiandikia safu hii kuhusu gauni jeupe ambalo binti yake alilivaa wiki tatu zilizopita, gauni lililoletwa na mjomba wa bibi harusi kutoka Maskati, ambalo sasa linatakiwa litunzwe mpaka zamu ya mdogo wake itakapofika. Lebo iliyoshonwa ndani inaonyesha kwamba kitambaa cha nje ni poliesta na bitana ni pamba. Kifuani pana puleki na shanga, na shela ni ya neti ya nailoni. Siku ya harusi gauni lilifukizwa udi, bibi harusi alipakwa halud shingoni na kuvishwa asumini, na gilasi moja ya sharubati ya ndimu ilimwagika kwenye pindo, ikapanguswa, wala haikuacha alama. Tangu siku hiyo gauni limetundikwa nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni, na kwapani umeanza kuonekana uduara hafifu wa rangi ya manjano. Shangazi wa bibi harusi anashauri litiwe jiki, na wifi yake anashauri lifungiwe kashani pamoja na nafthalini na karafuu. Mama huyo anauliza lipi kati ya hayo ni sahihi, na ile karatasi isiyo na asidi inayosifiwa kwa kuhifadhia magauni ni kitu gani.

JIBU

Mashauri yote mawili yataliharibu gauni, na sababu yake inaeleweka vyema pale inapojulikana kwamba manjano ya nguo nyeupe, kwa sehemu kubwa, hayaletwi na miaka bali na vitu vilivyoingia kwenye kitambaa siku ile ile ya kuvaliwa, vikakaa humo bila kuonekana na kuendelea kubadilika polepole. Sukari ya sharubati ikikauka haina rangi, lakini kadiri inavyokutana na hewa na joto huungua taratibu mithili ya sukari iliyo kikaangoni, na baada ya miezi kadhaa doa la kahawia hutokea mahali ambapo hakuna anayekumbuka kwamba palimwagikiwa kitu. Mafuta ya halud na jasho la kwapani hufuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa mafuta yanapoungana na oksijeni ya hewani hugeuka manjano na kung'ang'ania nyuzi, hasa nyuzi za poliesta ambazo kwa asili yake huvuta mafuta kuliko maji. Moshi wa udi nao hubeba chembe za utomvu zinazotua juu ya kitambaa, na ua la asumini lililopondeka huacha maji yanayogeuka kahawia. Kwa hiyo uduara ulioonekana kwapani ni wa kwanza tu kujitokeza. Pindo lililomwagikiwa sharubati, ingawa leo ni jeupe, ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Kutokana na hayo, kazi ya kwanza ni kufua, wala gauni lisipigwe pasi kabla ya kufuliwa, kwa sababu joto la pasi huikaanga sukari na kuyagandisha mafuta ndani ya nyuzi. Jiki, ambayo ni dawa ya kung'arisha yenye klorini, haifai hapa, kwa kuwa klorini huigeuza nailoni ya shela kuwa ya manjano, huila hariri pale ilipo, na hata kwenye poliesta inayoistahimili haiwezi kuyaondoa mafuta ambayo ndiyo chanzo cha doa. Ufuaji wa dobi wa mashine kwa dawa isiyo maji, unaopatikana katika miji mikubwa, huyeyusha mafuta vizuri lakini hauiyeyushi sukari, ambayo huyeyuka kwa maji tu. Zaidi ya hayo, dawa hiyo huweza kuyeyusha gundi iliyoshikilia puleki. Anayempelekea dobi gauni hana budi kumwonyesha kwa kidole mahali palipomwagikiwa kinywaji, maana dobi hawezi kulitibu doa asiloliona.

Kwa gauni hili la poliesta, kufua kwa maji nyumbani kunawezekana, mradi majaribio mawili yatangulie. La kwanza ni kugeuza kifua ndani nje na kutazama nyuma ya puleki: zikionekana nyuzi, zimeshonwa na zitayavumilia maji, yakionekana matone magumu yanayong'aa, zimebandikwa kwa gundi, na sehemu hiyo isiloweshwe bali ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu tu. La pili ni kulowesha kipande cha pamba nyeupe, kukibana kwenye mshono wa ndani kwa dakika 3, kisha kutazama kama kimechukua rangi yoyote.

Maji nayo yana uzito wake katika jambo hili, kwa sababu maji ya visima katika ardhi ya mawe ya chokaa, kama ilivyo sehemu nyingi za mashariki na kaskazini ya Pemba, ni magumu. Yaani yana madini ya chokaa yanayoungana na sabuni na kuacha utando mweupe unaofifisha kitambaa. Maji ya mvua hayana chokaa hiyo, na yanafaa hasa kwa suuzo la mwisho, ila yasikingwe kwenye bati lenye kutu, maana chembe moja ya kutu huacha doa la rangi ya machungwa ambalo ni gumu kulitoa. Sabuni iwe ya maji, isiyo kali na isiyo na dawa ya kung'arisha, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 5 za maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 30. Sabuni ya mche ina alikali nyingi, na mabaki yake yenyewe huja kugeuka manjano.

Sehemu za kwapa, shingo na pindo hutanguliwa kwa kupakwa sabuni hiyo iliyozimuliwa kidogo tu, kutokea upande wa ndani, na kuachwa kwa dakika 15. Kisha shuka nyeupe hutandazwa ndani ya beseni kubwa, gauni hulazwa juu yake, na maji huongezwa mpaka yalifunike. Baada ya nusu saa ya kuloweka na kubonyeza kwa viganja bila kusugua wala kukamua, gauni huinuliwa kwa pembe za shuka, kwa sababu gauni lililolowa huwa zito na likishikwa mabegani mishono huchanika. Suuzo hurudiwa mpaka maji yatoke bila povu wala utelezi, jambo ambalo kwa kawaida halitimii kabla ya suuzo la nne. Ikiwa uduara wa kwapani bado unaonekana, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa kwenye maduka ya dawa, inaweza kujaribiwa kwanza kwenye mshono uliojificha, kisha kudondoshewa doa kwa pamba, kuachwa dakika 10 na kusuuzwa kabisa. Baada ya hapo kukubali mipaka ni busara, kwa kuwa manjano yaliyokwisha kuingia ndani ya uzi hayatoki bila uzi wenyewe kudhoofika.

Ukaushaji ufanywe kivulini, gauni likiwa limelazwa juu ya shuka katika chumba kinachopitisha upepo, kwa siku 2 kamili, na mishono minene ya kiunoni iguswe kwa shavu: ikihisika baridi, bado ina maji.

Baada ya kufua huja suala la asidi. Asidi ni uchachu wa kikemia unaopimwa kwa kipimo cha pH kinachoanzia 0 hadi 14, ambapo 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alikali. Magazeti, maboksi mengi na karatasi za bei nafuu hutengenezwa kwa mbao zenye lignini, yaani kile kinachoupa mti ugumu, na lignini inapochakaa hutoa asidi. Ndiyo maana gazeti lililoachwa juani hubadilika rangi kwa siku chache. Asidi hiyo huhama kutoka kwenye karatasi au ubao na kuingia katika nguo inayogusana nao, ikaitia rangi na kuidhoofisha. Karatasi isiyo na asidi ni ile laini iliyoondolewa lignini na kubaki kwenye pH 7 au zaidi, na iko ya aina mbili: iliyotiwa unga wa chokaa ili kuzima asidi itakayojitokeza baadaye, inayofaa pamba na poliesta, na isiyotiwa chokaa, ambayo ndiyo salama kwa hariri, kwa kuwa hariri hudhurika kwa alikali.

Ndugu walioko Maskati wanaweza kuagizwa karatasi hiyo, lakini asiyeipata Kiuyu hajakwama, kwa sababu marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi inayouzwa madukani, hufanya kazi hiyo hiyo ikiandaliwa. Marekani mpya imejaa wanga unaovuta wadudu, hivyo ifuliwe kwa maji ya moto mara 3 bila bluu wala manukato, mpaka iwe laini na maji yake yasionyeshe weupe. Kipande kimoja hufunika gauni zima, na vipande vingine huviringishwa na kutiwa ndani ya mikono, kifuani na katika kila kunjo, ili kunjo liwe la duara badala ya mstari mkali, kwa kuwa uzi huanza kukatika pale unapovunjwa.

Kasha si adui, ila ubao wake hutoa mvuke wa asidi, na kwa hiyo kuta zake za ndani zitandikwe foili ya jikoni, ambayo mvuke huo haupenyi, kisha marekani ndiyo iguse gauni. Mfuko wa nailoni uondolewe leo, kwa sababu hufungia unyevu ndani, na baadhi ya plastiki zenyewe hutoa kemikali zinazotia manjano. Nafthalini haina kazi hapa: nondo hawali poliesta safi, na mvuke wake huweza kulainisha puleki za plastiki, mbali na kwamba nguo zilizokaa nayo ni hatari kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayojulikana katika visiwa hivi. Karafuu nayo, ingawa ni fahari ya Pemba, ina mafuta yanayogeuka kahawia yanapoungana na hewa, na ikiwekwa juu ya gauni italichafua kwa kitu kile kile kilichotoka kufuliwa.

Linalobaki ni unyevu, maana madoa ya kawa huanza pale unyevu wa hewa unapodumu juu ya asilimia 65 hadi 70, hali ya kawaida kisiwani wakati wa masika. Kasha liinuliwe juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta wa nje, na lifunguliwe mara moja kila mwaka katika siku kavu za kaskazi, Januari au Februari, ili gauni lipate hewa kwa saa chache kivulini na likunjwe upya mahali pengine. Siku hiyo ya kwanza ya kulifungua, mama na bintiye walipeleke pindo karibu na dirisha, pale palipomwagikiwa sharubati, na kulilinganisha na bega: pindo likiwa jeupe sawa na bega, sukari ilitoka yote, na mdogo mtu atalivaa kama lilivyokuwa; likiwa na kivuli cha kahawia, lirudishwe majini siku hiyo hiyo, kabla masika hayajaanza.