Jua Haki Zako: Vifaa vya Kazi Vilivyoachwa Ndani ya Gari

Mmiliki wa vifaa vya muziki anayetoka Newala kwenda kupiga kwenye harusi Masasi, fundi ujenzi anayehamisha mashine zake kutoka Kitangari hadi Tandahimba, na mpiga picha anayezunguka vijijini katika msimu wa korosho wote wana mali ambayo thamani yake inaweza kuzidi ile ya gari linaloibeba. Hata hivyo, wengi wao huamini kwamba bima ya gari hilo inavilinda pia vifaa vilivyomo, na imani hiyo haina msingi. Bima ambayo Watanzania huiita bima ndogo, inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, huwalinda watu wengine wanaoumizwa na gari. Bima kubwa nayo hulilinda gari lenyewe na vilivyofungwa ndani yake kama sehemu ya gari, na kwa kawaida haivihusu vifaa vya kazi vilivyopakiwa. Vifaa hivyo huhitaji mkataba wao, yaani bima ya vifaa vinavyohamishika, ambayo huvifuata popote vinapokwenda ndani ya mipaka iliyoandikwa katika hati ya bima.

Katika mkataba huo, sharti linalosababisha madai mengi kukataliwa ni lile linalohusu gari lisilo na mwangalizi. Kwa kawaida sharti hilo husema kwamba kampuni haitalipa wizi wa vifaa vilivyoachwa ndani ya gari lisilo na mtu, isipokuwa milango na madirisha yote yalikuwa yamefungwa, vifaa havikuonekana kutoka nje, na kuna alama za wazi kwamba mwizi alivunja ili aingie. Baadhi ya mikataba huongeza kwamba usiku, kwa mfano kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, gari lazima liwe ndani ya jengo lililofungwa au ua wenye mlinzi. Kwa sharti la namna hii, kirikuu ya wazi iliyofunikwa turubai haihesabiwi kuwa gari lililofungwa, hata kama kamba zilikazwa vizuri, kwa sababu turubai hufunuliwa bila kuvunja chochote.

Swali la lini gari huhesabiwa kuwa halina mwangalizi lilijadiliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1962, katika shauri la Starfire Diamond Rings dhidi ya Angel. Mchuuzi wa vito aliliacha gari lake kando ya barabara akaenda kujisaidia umbali wa takriban mita 34, na vito vikaibwa. Mahakama iliamua kwamba gari halikuwa na mwangalizi, kwa kuwa mwangalizi ni mtu aliye mahali anapoweza kuliona gari, kumtambua anayeligusa na kuwa na nafasi ya kweli ya kumzuia. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania, ambazo zinaweza kuuzingatia kama hoja ya ushawishi tu, lakini unaonyesha jinsi sharti hilo linavyoweza kusomwa kwa ukali. Kwa kipimo hicho, dereva aliyeketi ndani ya mgahawa akila, huku gari likiwa nyuma ya jengo, ameliacha gari bila mwangalizi.

Ili jambo hili lieleweke, achukuliwe mmiliki wa muziki wa kubuni mwenye spika, amplifaya, mikisa na jenereta, ambavyo kuvinunua upya kungegharimu shilingi 10,000,000, lakini ambaye alivikatia bima kwa shilingi 6,000,000 ili apunguze ada. Harusi ya Masasi inamalizika saa nane usiku, vifaa vinapakiwa kwenye Noah, na gari linaegeshwa ndani ya ua wenye mlinzi wa nyumba ya wageni. Asubuhi kioo cha nyuma kimevunjwa na vifaa vyenye thamani ya shilingi 3,000,000 havipo. Masharti yametimizwa, kwa kuwa gari lilifungwa, vifaa vilifunikwa visionekane na kioo kimevunjwa, kwa hiyo kampuni inapaswa kulipa. Lakini haitalipa shilingi 3,000,000.

Sababu ya kwanza ni kanuni ya uwiano, inayotumika pale mali inapokatiwa bima kwa kiasi pungufu cha thamani yake. Kwa kuwa mmiliki alikatia asilimia 60 ya thamani, hata hasara yake hulipwa kwa asilimia 60, yaani shilingi 1,800,000, na asilimia 40 inayobaki ni mzigo wake mwenyewe. Sababu ya pili ni eksesi, yaani sehemu ya kila hasara ambayo mwenye bima hujibebea. Ikiwa hati inataja shilingi 200,000, malipo yatakuwa shilingi 1,600,000. Endapo Noah ingeachwa bila kufungwa na mwizi akafungua mlango tu, malipo yangeweza kuwa sifuri, kwa kuwa hakuna kilichovunjwa.

Kutokana na hayo, ushahidi wa kuvunjwa ndio uti wa mgongo wa madai. Mwenye gari hapaswi kufagia vipande vya kioo wala kubadilisha kufuli kabla ya kupiga picha za kitasa, fremu ya dirisha na mahali gari lilipoegeshwa. Tukio huripotiwa kituo cha polisi mapema na namba ya taarifa, ambayo wengi huiita RB, hutunzwa. Kampuni nayo huarifiwa kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa katika hati, kwa sababu kuchelewa kunaweza kuwa kisingizio cha kukataa. Umiliki huthibitishwa kwa risiti za EFD na kwa orodha ya vifaa yenye namba ya kila kimoja iliyochongwa na kiwanda, na orodha hiyo ikiambatishwa kwenye mkataba tangu mwanzo, ubishi juu ya kilichokuwamo ndani ya gari hupungua sana.

Kabla ya kulipa ada, mwananchi anayo haki ya kupewa masharti kamili, wala si karatasi ya muhtasari peke yake, na anaweza kuomba sharti la gari lirekebishwe kwa nyongeza ya maandishi inayolitaja gari analolitumia na mahali linapolala, hata kama ada itapanda. Ahadi ya mdomo ya wakala haitoshi, kwa kuwa hati iliyosainiwa ndiyo itakayosomwa. Anayevuka mto Ruvuma kwenda kupiga muziki Msumbiji ahakikishe kwamba nchi hiyo imetajwa katika mipaka ya kinga, vinginevyo kinga huishia mpakani.

Madai yakikataliwa, mwenye bima aombe barua inayotaja kifungu kilichotumika, kisha akilinganishe na maneno ya hati yake, kwa kuwa neno lenye maana mbili hutafsiriwa dhidi ya kampuni iliyoliandika. Ikiwa, kwa mfano, hati inasema tu kwamba gari liwe limefungwa bila kutaja alama za kuvunjwa, kampuni haiwezi kuliongeza sharti hilo baada ya wizi. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Yasipotatuliwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake iliwekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili mwananchi apate uamuzi bila kuanzia mahakamani.