Mashahidi wakipingana, hoja za mwisho ziandikweje?

SWALI: Nina kesi ya shamba la Visiga katika Baraza la Ardhi na Nyumba, Kibaha. Shahidi wangu anasema mpaka ni mwembe, wa jirani anasema ni korongo. Tumeambiwa tulete hoja za mwisho kwa maandishi. Niandike kwamba shahidi wake ni mwongo?

JIBU: Ndugu yangu, usianze na tusi. Katika shauri la Goodluck Kyando, mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kila shahidi anastahili kuaminiwa, isipokuwa ziwepo sababu za msingi za kumkataa. Zitafute kwenye mwenendo wa shauri.

Tuseme shahidi wa jirani alidai alishuhudia mauziano, kisha kwenye maswali ya dodoso akakiri kuwa alihamia Visiga baadaye. Nakili jibu hilo neno kwa neno, utaje na ukurasa, halafu uliweke kando ya hati ya mauziano inayoutaja mwembe. Hapo umeonyesha kwamba maneno yake yanajipinga yenyewe na yanapingana na ushahidi mwingine. Vipimo hivyo vinamsaidia hata jaji anayesikiliza rufaa, ambaye hakumwona shahidi akizungumza.

Akikosea siku ya wiki, mwache. Shughulika na mpaka tu. Ila kama hukumhoji kabisa kuhusu korongo, una kazi ngumu, kwani kunyamaza huchukuliwa kuwa umekubali. Wala usipachike jambo jipya sasa: hoja za mwisho si ushahidi.